Notisi yangu ni miezi mitatu, tangazo linataka wa kuanza mapema

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole, Mbeya. Nina miaka 34 na huu ni mwaka wa sita nikiwa mhasibu msaidizi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Mshahara ni shilingi 620,000 na haujasogea kwa miaka mitatu, kwa hiyo natafuta kazi kimyakimya.

Mwezi wa pili niliomba kazi Iringa mjini. Juu kabisa ya wasifu wangu, chini ya jina, niliandika “Notisi: miezi mitatu”, kwa sababu mkataba wangu unasema mwajiriwa atatoa notisi ya miezi mitatu kabla ya kuacha kazi. Sikuitwa kwenye usaili. Rafiki yangu niliyesoma naye, mwenye uzoefu wa miaka miwili tu, aliandika kwamba anaweza kuanza mara moja, akaitwa. Tangu hapo nimejua kilichoniponza ni ile miezi mitatu.

Sasa kuna tangazo la kiwanda cha mbao Mafinga, linafungwa tarehe 20 Juni. Wanasema atakayeweza kuanza mapema atapewa kipaumbele. Kijana wa stesheneri pale Mwanjelwa amenichapia wasifu mpya, mwishoni ameweka: “Upatikanaji: mara moja. Kuhama: popote Tanzania. Kibali cha kazi: hakihitajiki.” Anasema wote huandika hivyo. Kaka yangu naye anasema nikipata, nichukue likizo yangu ya siku 28, nianze Mafinga nikiwa likizo, barua ya kuacha kazi itafuata. Tena anataka nitumie anwani ya mama mdogo anayeishi Mafinga ili nionekane mwenyeji.

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, ameridhia nitangulie. Lakini mtoto wa kwanza yuko darasa la saba, anafanya mtihani Septemba, na mama mkwe anaumwa Tukuyu, kila mwezi naenda mara mbili.

Kuna na nafasi nyingine, kampuni ya malori yenye yadi Nakonde, upande wa Zambia. Fomu yao ina sehemu ya kibali cha kazi. Kaka anasema Nakonde na Tunduma ni mji mmoja, niandike kwamba ninacho.

Niandike nini, na niandike wapi? Ndaga fijo.

Njia Panda, Uyole

*

Marahaba mwanangu. Wasalimie nyumbani, na mama mkwe umpe pole yangu.

Nianze na ile kazi ya Iringa, maana naona imekukaa kooni. Unasema umejua kilichokuponza. Umejuaje? Hakuna aliyekupigia simu akakwambia. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi ya utumishi ya shamba la chai kule Mufindi, nikifungua bahasha za maombi, na ninachoweza kukuambia ni kwamba nafasi moja ya uhasibu huleta rundo la kujaza meza. Anayelipunguza rundo hilo kwa mara ya kwanza hasomi. Anatupia jicho sehemu ya juu ya ukurasa wa kwanza: huyu ni nani, anakaa wapi, sasa hivi anafanya nini. Kwako alikutana na jina, kisha Uyole, Mbeya, kisha miezi mitatu. Miaka yako sita ya kufunga hesabu za msimu wa kahawa ilikuwa huko chini, na huenda hakufika.

Kwa hiyo, ndiyo, inawezekana ni miezi mitatu. Inawezekana pia ni umbali, kwa sababu kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300 na katika barua yako sioni popote ulipowaambia kwamba uko tayari kuhamia. Au rafiki yako alikuwa na kitu walichokitaka ambacho wewe na mimi hatukijui. Ninachokushauri ni usitoke hapo ukiamini kwamba ukiitaja notisi yako hutaitwa. Huenda tatizo lilikuwa mahali ulipoiweka.

Sasa tuje kwenye kalenda, maana katika barua yako mambo mawili yamevaa kanzu moja. Notisi ni deni lako la mkataba kwa mwajiri uliye naye. Upatikanaji ni siku ambayo wewe mwenyewe, na begi lako, unaweza kukaa kwenye kiti kipya. Mara nyingi siku hizo zinaangukia mahali pamoja, ndiyo maana watu huzichanganya. Kwako nina wasiwasi hazikai pamoja.

Hebu tuhesabu. Maombi yanafungwa 20 Juni. Tuseme wanakuita kwenye usaili katikati ya Julai, na barua ya ajira unaishika mkononi tarehe 31 Julai. Kabla ya hapo hupeleki barua ya kuacha kazi popote, hata ukipigiwa simu ukaambiwa “umepata, jiandae”. Nimeona watu wakiacha kazi kwa simu ya namna hiyo, halafu barua isije. Basi unawasilisha notisi 1 Agosti. Miezi mitatu inaisha 31 Oktoba, unaanza Mafinga mwanzoni mwa Novemba.

Sasa hesabu upya kama mkataba wako ungekuwa na notisi ya chini kabisa ambayo sheria inairuhusu kwa anayelipwa kwa mwezi, yaani siku 28. Ukianza kuhesabu 1 Agosti, siku ya 28 ni 28 Agosti, na tarehe 1 Septemba uko Mafinga. Mwanao anafanya mtihani mwezi huohuo.

Unaona ninapoelekea? Umeilaumu miezi mitatu kwa kila kitu, na kumbe hiyohiyo ndiyo ingekuweka nyumbani mpaka mtoto amalize. Pengine hilo halikusumbui: baba yake yupo, tena ni mwalimu. Pengine mmeshalizungumza mkalimaliza. Lakini kabla hujaacha neno “mara moja” likae kwenye karatasi yenye jina lako, jiulize: wakikujibu “sawa, njoo Jumatatu”, utafurahi au utatafuta pa kujificha?

Kuhusu mkataba wenyewe, naomba ukautoe kabatini usome tena. Ulichoninukulia kinamtaja mwajiriwa peke yake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinaweka siku 28 kuwa kiwango cha chini kwa wanaolipwa kwa mwezi, na kinaruhusu mkubaliane muda mrefu zaidi, kwa sharti kwamba muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Kama kiwanda nacho kinapaswa kukupa miezi mitatu kikitaka kukuondoa, basi hiyo miezi mitatu ni halali na unadaiwa. Kama wewe umewekewa mitatu na wao wamejiwekea mmoja, hapo kifungu kina ufa, na ni jambo la kumpelekea ofisa kazi wa mkoa au chama cha wafanyakazi kama mnacho, kabla hujaandika chochote kwenye wasifu.

Angalia pia kama mkataba wako una tarehe ya mwisho. Wahasibu wengi wapo kwenye mikataba ya mwaka mmoja au miwili inayohuishwa. Kanuni za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinasema mwajiriwa wa mkataba wa muda maalumu, kama mwajiri hajavunja mkataba, anatoka kabla ya muda kwa kukubaliana na mwajiri. Ukiwa kwenye mkataba wa namna hiyo unaoisha Desemba, kwa mfano, njia nyepesi ya kueleza upatikanaji wako inaweza kuwa “mkataba wangu wa sasa unaisha 31 Desemba”, na neno notisi lisionekane kabisa.

Ushauri wa kaka yako kuhusu likizo naujua. Umezunguka viwanda vyote vya huku kwetu. Shida yake ni kwamba kifungu kilekile cha 41 kinakataza notisi kutolewa ukiwa likizo, na kinakataza notisi na likizo vihesabiwe kwa pamoja. Siku zako 28 haziwezi kumeza sehemu ya notisi. Ukirudi likizo ndipo saa inaanza kuhesabu, na wakati huo tayari uko kwenye orodha ya mishahara ya mahali pawili. Hesabu za michango ya hifadhi ya jamii zinaandikwa kwa jina lako na namba yako ileile, kwa hiyo mwajiri wa pili anaweza kuligundua jambo hili bila hata kulitafuta. Na huna haja ya kuitumia likizo ili usiipoteze: siku ambazo hujachukua unastahili kulipwa unapoondoka.

Ukiamua kuondoka bila kuitumikia notisi, sheria inamruhusu mwajiri kukata kwenye stahili zako kiasi ambacho ungelipwa kwa muda huo. Kwa mshahara wako, miezi mitatu ni shilingi 1,860,000. Ukifanya kazi mwezi mmoja kati ya hiyo mitatu, kinachobaki ni 1,240,000. Wapo wanaoona ni bora walipe watoke, hasa kama mshahara mpya unaruka sana. Wapo waajiri wapya wanaokubali kumlipia mtu gharama hiyo, ingawa kwa nafasi ya mhasibu msaidizi nimeiona mara chache sana, tena kwa mtu waliyekuwa wamemng’ang’ania.

Njia inayotumika zaidi ni kuomba kuachiwa mapema. Hapo kahawa inaingia. Kiwanda chenu kinakuwa na shughuli nyingi katikati ya mwaka mpaka kuelekea mwisho wake, kahawa ikishashuka kutoka Mbozi na kwingineko. Bosi aliyeombwa mwezi Agosti amwachie mhasibu atakunja uso. Yuleyule akiombwa Februari, meza ikiwa tupu, anaweza kukuachia ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo usiandike “notisi inaweza kupunguzwa” kwa kuwa tu inapendeza machoni. Kumbuka aliyeondoka kabla yako. Yule mtunza stoo, au karani wa mizani, aliachiwa baada ya muda gani, na ilikuwa mwezi gani? Kama yupo aliyetoka baada ya mwezi mmoja msimu ukiwa umekolea, una msingi wa kuliandika hilo. Kama hayupo, andika muda kamili, na suala la kupunguza ulibebe moyoni mpaka usaili.

Sasa hiyo anwani ya mama mdogo. Naelewa kwa nini kaka anaipenda. Waajiri wa miji midogo kama Mafinga hupenda mwenyeji, kwa sababu wa kutoka mbali huja, akaona baridi ya Julai, akarudi kwao. Hatari ya kwanza ni ndogo na ya aibu: unapigiwa simu saa kumi jioni uje usaili kesho saa mbili asubuhi, nawe uko Uyole. Hatari ya pili watu wengi hawaijui, na inakuja miaka baadaye. Maelezo ya maandishi ya ajira yanapaswa kutaja mahali ulipoajiriwa kutoka. Kifungu cha 43 kinasema ajira ikikoma mahali pengine na ulikoajiriwa, mwajiri ana wajibu wa kukusafirisha wewe na mizigo yako kukurudisha, au kukulipia. Ukijiandika mwenyeji wa Mafinga, kwa maandishi umeajiriwa kutoka Mafinga. Siku ikikoma, kitanda, kabati na jiko lako vitarudi Mbeya kwa fedha yako mwenyewe, na wao hawatakuwa wamekosea kitu.

Ipo namna ya kumtumia mama mdogo bila kusema uongo. Unaandika Mbeya kama makazi, halafu kwenye barua ya maombi unaongeza kwamba una ndugu Mafinga na utakuwa na pa kufikia tangu siku ya kwanza. Mwajiri hapo anapata alichokuwa anakitafuta, kwamba hutalala gesti wiki mbili ukitafuta chumba halafu ukate tamaa.

Na “popote Tanzania”? Nilipokuwa kwenye usaili, maneno hayo yalinifanya niulize swali moja tu: “Tukikupeleka Mtwara?” Ungeona nyuso. Kwako kuna mwalimu aliyepangiwa Mbeya, mtoto wa darasa la saba, na mgonjwa Tukuyu unayemwona mara mbili kwa mwezi. Kutoka Mafinga unapanda basi la Mbeya kwenye barabara kuu ileile, kisha pale Uyole unachukua gari la kuteremkia Tukuyu. Inachosha ila inawezekana kwa mwisho wa wiki. Ukiwa Mtwara haiwezekani. Inaelekea uko tayari kwa Iringa na Njombe, pengine na Songwe. Basi yataje hayo kwa majina. Anayesoma “tayari kuhamia Iringa au Njombe” anaamini kwamba umefikiri. “Popote” haimwambii kitu, kwa sababu karatasi ishirini nyingine mezani pake zina neno hilohilo, na nadhani nusu yake zimechapwa na kijana yuleyule wa Mwanjelwa.

Nimtetee kidogo kijana huyo. Anapata fedha yake kwa kurasa, hana muda wa kumuuliza kila mteja kuhusu mkataba wake. Lakini hilo la “Kibali cha kazi: hakihitajiki” limetoka kwenye wasifu wa nchi za watu na halina kazi Mafinga. Mtanzania anayeomba kazi Tanzania anaandika “Uraia: Mtanzania”, basi. Namba ya kitambulisho cha taifa pia haina haja ya kuwa kwenye wasifu unaozunguka ovyo. Utaitoa siku ya kujaza fomu za ajira.

Nakonde ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ni kweli mtu wa Tunduma anavuka asubuhi kununua bidhaa na mchana amerudi, na wajukuu wanasoma upande huu ilhali bibi yuko upande ule. Hiyo ni kutembelea. Kufanya kazi ya kulipwa ni jambo jingine. Zambia haimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sisi kuwa pamoja nayo SADC hakumpi Mtanzania haki ya kuajiriwa kule. Unahitaji kibali cha ajira cha Zambia, na kibali hicho mwajiri ndiye anayesimama nyuma ya maombi yake, akieleza kwa nini anakutaka wewe. Huwezi kukijibebea mapema ukakitembeza.

Kwa hiyo ukiandika “ninacho”, umeandika kitu ambacho afisa wao atakiomba siku ya pili. Nilipokea wasifu wa kijana mmoja Mmalawi aliyeandika hivyo kwetu, na wala hakuwa anadanganya. Alikuwa na kibali halali cha kufanya kazi Tanzania, ila kilitolewa kwa ajili ya mwajiri wake wa zamani na kwa kazi ile ile. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamfunga mgeni kwa mwajiri aliyemwombea, kwa hiyo kwetu ingebidi tuanze upya: kibali cha kazi, halafu cha ukaazi kwa watu wa uhamiaji. Tulikuwa tumeshampangia wiki ya kuanza. Angeandika mstari mmoja tu, “nina kibali chini ya mwajiri wangu wa sasa, mwajiri mpya atahitaji kuomba kingine”, tungepanga miezi badala ya wiki, naye asingekuwa ameshaacha kazi.

Kwenye ile fomu ya Nakonde, basi, ukweli wako unaweza kusomeka hivi: “Raia wa Tanzania. Nitahitaji kibali cha ajira cha Zambia. Nina pasipoti hai.” Hilo la pasipoti liandike tu kama unayo, kama huna, anzia hapo kabla hata ya fomu. Hatari ya kuandika hivyo ipo wazi: wakiwa na Mzambia mwenye sifa kama zako, watamchukua. Faida yake ni kwamba wakikuita baada ya kusoma hayo, wamekubali na mzigo wake. Na kumbuka kwamba hapo upatikanaji wako haupimwi tena kwa notisi peke yake. Kibali kinaweza kuchukua muda wake, na huachi kazi ya kahawa mpaka kimetoka.

Turudi kwenye karatasi yenyewe. Ukiniuliza ningeipanga vipi, ningeanza na kanuni ndogo niliyojifunza kwa kusoma karatasi za watu: kinachoondoa shaka kikae juu, kinachohitaji maelezo kikae chini au kwenye barua. Utayari wa kuhamia unaondoa shaka ya anwani, kwa hiyo ukae palepale kwenye anwani. Notisi inahitaji maelezo, kwa hiyo isubiri mpaka msomaji ameshakufahamu. Juu kabisa ingesomeka:

Makazi: Uyole, Mbeya. Tayari kuhamia Iringa au Njombe.

Baada ya hapo uzoefu, elimu, mifumo ya hesabu unayoitumia. Ukurasa wa mwisho, kabla ya wadhamini:

Uraia: Mtanzania.
Notisi: miezi mitatu tangu kupokea barua ya ajira.

Tazama kwamba hakuna tarehe. Ukiandika “naweza kuanza 1 Septemba” na wasifu huohuo ukautumia tena mwezi wa tisa, tarehe imeoza, nawe unaonekana mtu aliyekataliwa mahali pengine. Muda hauozi. Tarehe ina mahali pake, ambapo ni barua ya maombi, kwa kuwa barua unaiandika upya kila mara.

Chini ya wadhamini ongeza maneno machache: “Tafadhali nijulisheni kabla ya kuwasiliana na mwajiri wangu wa sasa.” Hayo maneno usiyaone madogo. Mbeya na Mafinga watu wanajuana. Mhasibu mkuu wa mbao anaweza kuwa alisoma na bosi wako, na kimyakimya yako ikaisha kwa simu moja ya salamu.

Kuhusu tangazo la Mafinga lenyewe, naona njia tatu, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kuiacha notisi kwenye wasifu kama nilivyoonyesha na kuieleza kwenye aya ya mwisho ya barua: kwamba ukipewa ajira mwishoni mwa Julai utaanza mwanzoni mwa Novemba, na kwamba kati ya hapo unaweza kuja siku moja moja kwa makubaliano, kufahamu vitabu vyao. Mwiba ni kwamba wamesema wazi wanampendelea wa mapema, na wanaweza kuishia hapo.

Unaweza pia kutoitaja kabisa kwenye wasifu wala barua, ukasubiri usaili, ambako swali litaulizwa tu. Kutotaja si kudanganya, kwa kuwa kila anayesoma “2020 hadi sasa” anajua una mwajiri. Unapata nafasi ya kujieleza ukiwa uso kwa uso. Lakini hapo utakuwa umekula muda wao kwa kitu walichokwisha kukitangaza, na wapo wanaokasirika. Na jibu lazima uwe nalo tayari. Ukigugumia pale, wataona ulificha.

Njia ya tatu ni kuwapigia simu kabla ya tarehe 20. Tangazo linasema “mapema”, na mapema ya kiwanda sijui ni wiki mbili au kabla ya kufunga mwaka wa hesabu. Uliza bila kutaja jina, kama unaona aibu: “Nafasi ya mhasibu, mnatarajia mtu aanze mwezi gani?” Mara nyingi anayepokea simu anakuambia bila kujua amekuambia kitu kikubwa. Wakisema Oktoba au Novemba, umejihangaisha bure. Wakisema Julai, utakuwa umejua kabla hujamlipa kijana wa stesheneri kuchapa tena.

Mimi siwezi kukuchagulia, kwa sababu wewe ndiye unayemjua bosi wako na hali ya mama mkwe. Ila kabla hujaenda Mwanjelwa, usiku wa leo watoto wakilala, utoe ule mkataba. Tafuta upande wa pili wa kile kifungu, unaosema mwajiri atatoa notisi ya muda gani, kisha tazama ukurasa wa kwanza kama kuna tarehe ya mwisho. Niandikie ulichokikuta, hata kwa mistari miwili. Ukiniandikia kabla ya tarehe 15 nitawahi kukujibu.

Shangazi